Kompyuta ya mezani yenye saplai ya wati 650: inakula uniti ngapi hasa kwa mwezi?

chumba_namba_saba

Wakuu, naomba msaada wa hesabu kabla hapajaharibika. Tumepanga wawili, mita ya LUKU moja, umeme tunachangia nusu kwa nusu. Jana mwenzangu kanijia na karatasi: kompyuta yangu ina saplai ya wati 650, inawaka saa 14 kwa siku, kwa hiyo 650 × 14 × 30 ni uniti 273. Akazidisha kwa shilingi 356, ikaja 97,000 na ushee. Anataka niilipe yote peke yangu.

Nyumba nzima hatujawahi kununua umeme wa 97,000 kwa mwezi, kwa hiyo najua amekosea, ila sijui nimjibu nini. Mashine ni Ryzen 5 5600, RTX 3060, RAM 16, NVMe moja na monita ya inchi 24. Gemu nacheza kama saa 3 kwa siku, kazi za kawaida na video saa 5, halafu usiku naiacha saa 6 inashusha mafaili huku monita imezimwa. Saa 10 zilizobaki imezimwa ila iko kwenye soketi.

Fundi_Saketi

Mwenzako kasoma kibandiko. Wati 650 ni kikomo cha mzigo ambao saplai inaweza kuubeba, siyo kiasi inachovuta kila saa. Lori la tani 10 likibeba magunia matatu, mzigo wake ni magunia matatu.

Mashine kama yako ina hali nne na kila moja ina wati zake: imezimwa lakini iko kwenye soketi, imewaka bila kazi, inafanya kazi nyepesi, na iko kwenye gemu. Ukijua wati za kila hali na saa zake, umemaliza. Ukichukua namba moja ukaizidisha kwa saa 14, hata kama namba yenyewe ni sahihi, jibu litakuwa bovu.

mzee_wa_busta

Fundi, umesahau upotevu. Saplai yenye cheti cha ufanisi cha 80 Plus Bronze inapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo ukutani inavuta zaidi ya 650, inafika 740 na kitu. Mimi naona mwenzake hata amempunguzia.

Fundi_Saketi

Mzee wangu, nusu ya hiyo ni kweli. Ukutani unavuta zaidi ya zinachopokea prosesa na kadi ya picha, na mita inahesabu cha ukutani. Ila upotevu unapigwa juu ya kinachotumika wakati huo, haupigwi juu ya kibandiko.

Chukua gemu. Ukifungua HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya ndani ya kompyuta, na kuangalia safu ya `Average`, mashine ya aina hii itakuonyesha `CPU Package Power` kama wati 60 na `GPU Power` kama 150. Jumla 210. Bado ubao mama, RAM, diski na feni, ambavyo programu haivioni vizuri, weka 23. Sasa saplai inatoa 233. Kwa umeme wetu wa volti 230, Bronze ikiwa na mzigo wa kati inafikisha ufanisi wa karibu asilimia 88, kwa hiyo unagawanya: 233 ÷ 0.88 ni karibu 265. Hizo ndizo za ukutani. Ziko mbali na 740.

Bila kazi hesabu hii inayumba. Saplai ya 650 ikitoa wati 47 iko kwenye asilimia 7 tu ya uwezo wake, na cheti cha Bronze kinapima kuanzia asilimia 20 kwenda juu. Chini ya hapo hakisemi kitu, na ufanisi huwa unashuka. Ndiyo maana kwa hali ya kukaa bure mimi siamini programu hata kidogo. Pima ukutani.

chumba_namba_saba

Sina kipimo cha soketi. Nimeagiza, kitachukua siku kadhaa. Kuna njia ya kupima leo?

Fundi_Saketi

Ipo, na tayari mnailipia. Angalia uso wa mita, kuna kataa kekundu kanapepesa, na pembeni pameandikwa kitu kama `1000 imp/kWh`. Nyingine ni 1600, kwa hiyo soma ya kwenu. Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Kanuni ni hii:

```
wati = 3600000 / (imp × sekunde za mpepeso mmoja)
```

Kwa mita ya 1000 inabaki 3600 gawanya kwa sekunde. Zima kila kitu ndani, taa, feni, ruta, chaja. Hakikisha kataa kametulia kabisa au kanapepesa mara moja kwa dakika nyingi. Kisha washa kompyuta peke yake. Usipime mpepeso mmoja. Hesabu 10 ukiwa kwenye gemu, na 5 ikiwa imekaa bure, halafu gawanya. Ikikaa bure, mpepeso mmoja unakaribia dakika nzima, kwa hiyo uwe na subira.

Jambo moja la kuchunga: ukiwasha tu, Windows inahangaika dakika 10 au 15 na masasisho na ukaguzi wa virusi. Ukipima wakati huo utapata 90 na kitu, uandike kuwa ndiyo hali ya kukaa bure. Ingoje itulie.

steshenari_ya_kona

Samahani naingilia. Mimi nina OptiPlex sita za dukani na nimezipima kwa mita ya koleo, ile unayobana waya. Kila moja inanipa ampia 0.5. Mara 230 ni wati 115 kila mashine, hata zikiwa zimekaa tu. Mbona nyingi? Na je, UPS ya 650 itabeba ngapi?

Fundi_Saketi

Hiyo 115 ni VA, kaka, siyo wati. Ampia mara volti inakuwa wati pale tu umeme unapovutwa kwa mfuatano mzuri na volti, na saplai za kompyuta, hasa za zamani au zenye mzigo mdogo, hazifanyi hivyo. Mashine inayokuonyesha VA 115 inaweza kuwa inatumia wati 60 au 70 tu. Mita ya LUKU ya nyumbani au duka dogo inahesabu wati halisi, kwa hiyo ukitumia koleo utajikadiria bili kubwa kuliko unayolipa. Tena koleo la bei ndogo halioni vizuri chini ya ampia moja.

Kwa UPS ndipo VA inapokuhusu, ila huo ni uzi wake. Ufungue, nitakuja.

steshenari_ya_kona

Lakini ampia si ndiyo umeme wenyewe unaopita kwenye waya? Sijashawishika bado. Nitapima tena.

chumba_namba_saba

Nimerudi. Mita yetu ni 1000. Matokeo:

Bila kazi, monita imezimwa: mipepeso 5 kwa sekunde 310. Mmoja ni 62, kwa hiyo wati 58.
Kazi za kawaida na YouTube, monita imewaka: mipepeso 10 kwa sekunde 371. Wati 97.
Gemu na monita: mara ya kwanza mipepeso 10 kwa sekunde 90, yaani wati 400! Nikashtuka. Nikarudia baada ya dakika 20, ikawa sekunde 125, wati 288.

Ipi ni kweli?

Fundi_Saketi

Ile ya 288. Ya 400 una friji humo ndani ambalo hukulichomoa, sivyo? Namba ikipanda ghafla kwa wati mia na kidogo halafu ikarudi yenyewe, hiyo ni kompresa. Toa 288 kwenye 400, inabaki 112, ambayo ni friji dogo kabisa. Lichomoe kwenye soketi, usizime tu kwa kitufe cha joto.

Ukiondoa monita ya wati 22, gemu inabaki 266, na makadirio ya HWiNFO yalikuwa 265. Yamekaribiana kuliko nilivyotegemea. Ukikadiria tu kwa programu ruhusu kosa la wati 20 au 30 huku na huku.

chumba_namba_saba

Lilikuwa friji kweli. Nilisahau kwamba liko upande wa jikoni.

dada_hesabu

Sasa tuweke mezani. Kwa gemu chukua wati 287, yaani 265 za makadirio na 22 za monita. Kwa ikizimwa chukua wati 2, ndiyo kawaida ya saplai iliyo kwenye soketi pamoja na monita iliyolala. Kataa ka mita hakatakusaidia kwa kiasi kidogo hivyo. Andika kwenye jedwali la kompyuta, safu ya B wati, safu ya C saa:

```
Gemu      287   3
Kazi       97   5
Usiku      58   6
Imezimwa    2  10

=SUMPRODUCT(B1:B4,C1:C4)/1000*30
```

Kwa siku inakuja 861 + 485 + 348 + 20, yaani 1,714, au uniti 1.714. Kwa siku 30 ni uniti 51.4. Mwenzako alisema 273.

Angalia ilipo pesa. Gemu ndiyo inayolaumiwa, na kweli ni nusu ya hesabu. Ila zile saa 6 za usiku ambazo hakuna anayeitazama mashine zinakula uniti 10.4 kwa mwezi. Mashine ikilala kwa `Sleep` inavuta kama wati 4, na usiku wote wa mwezi ungekula uniti 0.7 badala ya 10.4.

mzee_wa_busta

Hapo nakubali. Kwa hiyo 51.4 mara 356, ni 18,300. Kesi imekwisha.

dada_hesabu

Haijaisha, mzee. Hiyo 356 mmeitoa wapi? Kabla ya kuzidisha lazima ujue nyumba iko tarifu gani.

Kwa bei za TANESCO zilizoanza 2016, T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA 3 na ya EWURA 1. Ni asilimia 22 kwa jumla, kwa hiyo 292 × 1.22 ni 356.24. Hapo ndipo 356 inapotoka, na ndiyo maana 10,000 inakupa uniti 28 na kitu.

Wengi wanakosea wanapogawanya pesa waliyotoa kwa uniti walizopata. Ukinunua kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, kodi ya jengo inakatwa kwanza, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Inabaki 8,500 ya umeme, unapata uniti 23.86. Ukigawanya 10,000 kwa 23.86 utapata 419, uanze kupiga kelele kwamba bei imepanda. Kodi ya jengo haina uhusiano na kompyuta. Ungelipa hata kama ungekaa gizani. Soma risiti, kila makato yana mstari wake, halafu tumia mstari wa umeme na wa asilimia zile tatu tu.

Sasa swali: nyie ni T1 au D1, ile ya matumizi madogo?

chumba_namba_saba

Nimeangalia risiti ya mwezi jana. 9,150 ilitupa uniti 75. Kwa kawaida tunatumia kama 50, ila hiyo ni kabla ya kompyuta, nimeileta wiki tatu zilizopita.

dada_hesabu

Basi mko D1, na hesabu yote inageuka.

D1 ni shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, pamoja na makato 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350, yaani 427 ukiweka makato. Nyumba ilikuwa inatumia 50. Kompyuta imeleta 51.4, jumla 101.4. Katika hizo za kompyuta, 25 za kwanza zinaingia kwenye bei ndogo: 3,050. Zilizobaki 26.4 zinaingia kwenye 427: karibu 11,280. Jumla kompyuta inagharimu kama 14,330 kwa mwezi, pungufu ya zile 18,300 za mzee.

Msifurahie mapema. D1 ni ya wateja wa matumizi madogo, na anayezidi 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1. Ikitokea, uniti zote 101.4 zinakuwa 356.24, yaani 36,130. Bila kompyuta mlikuwa mnalipa 6,100. Tofauti ni 30,030, na hiyo tofauti yote imeletwa na kompyuta, kwa sababu sasa hata friji na taa zimepanda bei.

Mashine ni ileile na uniti ni zilezile 51.4, lakini kwenye T1 ya tangu mwanzo gharama ni 18,300, kwenye D1 ni 14,330, na ikiwatoa D1 ni 30,030. Kwa hiyo mtu akiniuliza kompyuta inakula shilingi ngapi, namuuliza kwanza nyumba inatumia uniti ngapi bila hiyo kompyuta.

mzee_wa_busta

Duh. Hapo nimekaa.

Kipepeo_wa_Msa

Hapa Mombasa mambo ni tofauti kidogo. Tokeni ya Kenya Power ina gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni, na hizo zinabadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo ukiweka bei moja kwenye jedwali itachakaa haraka. Mimi huchukua ujumbe wa tokeni ya mwisho, najumlisha pesa yote, nagawanya kwa uniti. Madaraja nayo yapo, wa matumizi madogo analipa kidogo kwa kila uniti, na daraja linaangalia wastani wa miezi iliyopita. Kwa hiyo onyo la dada kuhusu kuvuka mpaka linatuhusu pia.

Swali langu: chumba chenye eyasii, kompyuta haiongezi gharama mara mbili? Joto lake si linatolewa na eyasii?

Fundi_Saketi

Linaongeza, ila si mara mbili. Karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka kama joto. Eyasii nzuri ikitumia wati 1 inatoa nje joto la wati 3, kwa hiyo gemu ya wati 287 inaongeza kama wati 95 kwenye eyasii, kwa zile saa tu ambazo vyote vimewaka. Zidisha uniti za kompyuta za saa hizo kwa 1.3, usiguse saa nyingine. Feni la kawaida haliingii kwenye hesabu hii.

chumba_namba_saba

Kipimo kimefika, nimekiacha siku 7 bila kukigusa. Kinasoma uniti 13.1. Kwa jedwali la dada ilitakiwa 1.714 × 7, yaani 12.0. Kipimo kibovu au hesabu?

Fundi_Saketi

Usikilaumu kipimo bado. Vya bei ndogo huwa vibovu chini ya wati 5 hivi. Kwenye mamia havikosei sana. Tafuta ni saa zipi zimezidi. Usiku ukienda kulala andika namba ya uniti, asubuhi kabla ya kugusa panya andika tena. Saa 6 kwa wati 58 zinatakiwa kutoa 0.35.

chumba_namba_saba

Usiku wa leo: 0.50.

Fundi_Saketi

0.50 kwa saa 6 ni wati 83. Ziada ni 0.15 kwa usiku, mara 7 ni 1.05, na wewe umezidi 1.1. Umempata mwizi. Mashine hailali hata kidogo, kuna kitu kinaishughulisha usiku.

Washa upakuaji kama kawaida, fungua HWiNFO, angalia `GPU Power`. Kadi iliyopumzika inakaa chini ya wati 20. Ikionyesha 30 au 40, funga dirisha la duka la gemu, maana kurasa zake zina picha zinazocheza na kadi inazichora hata monita ikiwa imezimwa. Upakuaji wenyewe utaendelea, mradi alama ya duka ibaki kwenye pembe ya skrini yenye saa. Kama kadi imetulia na prosesa ndiyo iko juu, basi mafaili yanafunguliwa na kukaguliwa virusi yakiwa yanashuka, na hapo huna la kufanya zaidi ya kupanga upakuaji uishe mapema mashine ilale.

chumba_namba_saba

`GPU Power` ilikuwa 34. Nimefunga dirisha, ikashuka hadi 15. Usiku wa pili: 0.38. Bado juu ya 0.35 ila nimeikubali.

Nimemwonyesha mwenzangu jedwali. Ile 97,000 kaifuta mwenyewe. Sasa kabadilisha wimbo: anasema zile uniti 25 za bei ya 122 zilikuwa za wote wawili, na mimi nimezimaliza peke yangu, kwa hiyo zangu zote 51.4 zihesabiwe kwa 427, yaani 21,950. Mimi nasema 14,330. Nani ana haki?

dada_hesabu

14,330 ndiyo pesa iliyoongezeka kwenye risiti. Zaidi ya hapo atakuwa anapata faida juu yako.

mzee_wa_busta

Mimi namuunga mkono mwenzake. Akinunua pasi kesho, itaanza kulipiwa 427 kwa sababu ya gemu.

chumba_namba_saba

Ameshasema hivyo hivyo, tena ni pasi hiyo hiyo.